Kikomo cha kugundua na wigo wa uhakika: blanki kumi, marudio matatu, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila wiki. LOD, yaani kikomo cha kugundua, napataje? Nitumie 3 au 3.3? Hiyo plasi-mainasi nyuma ya jibu inatoka wapi? Nimechoka kujibu vipandevipande, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, na namba halisi unazoweza kuzicharaza kwenye spredishiti yako uone kama unapata nilichopata mimi.

Nitatumia kipimo kimoja tu mwanzo mpaka mwisho: chuma kwenye maji kwa spektrofotomita, ile rangi ya machungwa ya fenanthrolini, unasoma absorbansi kwenye 510 nm kwa kyuveti ya sentimita 1. Nimekichagua kwa sababu kila labu inakiweza na makosa yake yanaonekana kwa macho. Ukiwa na AAS au ICP au mashine nyingine, badilisha neno absorbansi weka ishara ya mashine yako, hesabu ni ileile.

Kabla hujaanza, hakikisha una hivi

Stoku ya chuma uliyoipunguza mpaka 10 mg/L. Haidroksilamini ya kubadilisha chuma chote kiwe Fe(II), bafa ya asetati, na fenanthrolini. Chupa za ujazo za mL 50 za kutosha, hesabu zisipungue ishirini na sita, na zote zimeoshwa kwa asidi kisha kusuuzwa kwa maji safi (usipoosha kwa asidi hii kazi acha tu, kuta za glasi zinatunza chuma). Pipeti, pamoja na maikropipeti ya kuchukua mikrolita 160. Mashine iliyowashwa mapema ikapata joto. Na spredishiti yoyote.

Halafu jambo la kukubaliana kabla ya chochote. Blanki moja ni chupa moja iliyopitia KILA kitu ambacho sampuli inapitia: maji, vitendanishi vyote, kusubiri rangi, kumimina kwenye kyuveti, isipokuwa tu haina chuma ulichoweka wewe. Blanki kumi maana yake chupa kumi. Siyo chupa moja uliyoisoma mara kumi. Hapa ndo watu wengi wanapoanguka na mi mwenyewe nilianguka, nitakuonyesha hapo mbele ilinigharimu nini.

Nadharia kidogo tu, halafu tunaingia kazini

Blanki hazisomi sifuri wala hazisomi namba moja, zinatawanyika. Ukipata ishara ndogo ya sampuli swali la kwanza ni: hii inaweza kuwa blanki tu iliyopanda kidogo? Ule mstari ambao ukiuvuka unasema "hapana, hiki ni chuma kweli" tuuite kikomo cha kuamua. Swali la pili ni tofauti: chuma kiwe kingi kiasi gani ndipo niwe na uhakika kwamba nikikipima sitakikosa? Hicho ndicho kikomo cha kugundua, ile LOD ya kwenye ripoti. Ni vitu viwili. Mkemia Lloyd Currie alivitenganisha tangu 1968 na mpaka leo watu wanavichanganya.

Kwa nini viwili? Chukulia maji yenye chuma sawasawa na kikomo cha kuamua. Ukiyapima mara nyingi, nusu ya vipimo vitaangukia juu ya mstari na nusu chini, kwa hiyo nusu ya mara utasema hamna kitu wakati kipo. Ili usikikose lazima kiwe juu zaidi, na kwa hali ya kawaida inatoka takriban mara mbili ya kikomo cha kuamua. Ile 3.3 inayozunguka kila mahali imetoka hapo hapo: 1.645 mara mbili ni 3.29, na hiyo 1.645 ni ya mtu anayekubali kukosea mara 5 kwenye 100 kila upande, tena mtu ambaye mtawanyiko wa blanki zake anaujua vizuri kabisa. Wewe mwenye blanki kumi huujui vizuri hivyo, kwa hiyo badala ya 1.645 tutatumia t, namba kubwa kidogo inayofidia uchache wa blanki. Basi, nadharia imeisha.

Hatua

1. Tengeneza stendadi sita. Kutoka kwenye ile 10 mg/L chukua mL 0, 2.5, 5, 10, 15 na 20, kila moja kwenye chupa yake ya mL 50, weka vitendanishi, jaza mpaka alama. Utapata 0, 0.5, 1, 2, 3 na 4 mg/L. Subiri rangi ikomae, robo saa inatosha, na muda uwe uleule kwa chupa zote.

2. Tengeneza blanki kumi, kila moja peke yake. Vitendanishi pima upya kwa kila chupa. Usitengeneze chupa kubwa moja ya blanki ukaigawa mara kumi, maana hapo umeua kitu unachotaka kukiona: tofauti ya chupa na chupa, pipeti na pipeti. Kama inawezekana usizifanye zote siku moja, tano leo na tano kesho ni bora, sababu sampuli zako nazo hazitapimwa siku moja.

3. Ziro mashine kwa maji safi, usiiziro kwa blanki. Ukiiziro kwa blanki, nusu ya blanki zako zitataka kusoma chini ya sifuri, na kuna mashine na programu ambazo zikiona namba hasi zinakuandikia 0.000. Hapo mtawanyiko umekatwa katikati na LOD yako inatoka ndogo ya uongo. Ukiziro kwa maji, blanki zinasoma namba ndogo chanya na unaona kila kitu.

4. Soma ukichanganya mpangilio. Usisome blanki kumi mfululizo mwanzoni halafu stendadi kuanzia ndogo kwenda kubwa. Changanya: blanki mbili, stendadi, blanki, sampuli, stendadi, hivyo hivyo, na andika mpangilio uliosomea. Mashine ikiwa inahama taratibu utaiona, lakini ukisoma kwa mstari ulionyooka huko kuhama kunajificha ndani ya mteremko wa kalibresheni na hutakaa ukijue. Baada ya stendadi ya 4 mg/L suuza kyuveti vizuri, la sivyo blanki inayofuata itarithi.

Hizi hapa namba tunazotumia. Blanki kumi kwa mpangilio zilivyosomwa:

0.004, 0.006, 0.003, 0.007, 0.005, 0.004, 0.008, 0.005, 0.003, 0.005

Stendadi 0, 0.5, 1, 2, 3, 4 mg/L zilisoma:

0.005, 0.105, 0.202, 0.404, 0.597, 0.801

Na sampuli moja ya maji, chupa tatu tofauti za sampuli hiyohiyo: 0.251, 0.256, 0.252.

5. Hesabu ya blanki na mteremko. Weka viwango kwenye A2:A7, absorbansi zake B2:B7, blanki D2:D11, sampuli G2:G4, halafu:

```
F1  =SLOPE(B2:B7,A2:A7)
F2  =INTERCEPT(B2:B7,A2:A7)
F3  =STEYX(B2:B7,A2:A7)
F4  =AVERAGE(D2:D11)
F5  =STDEV.S(D2:D11)
F6  =T.INV(0.95,9)*F5*SQRT(1+1/10)/F1
F7  =2*F6
```

Utakachopata: mteremko 0.1986 kwa kila mg/L, mstari unakata mhimili kwenye 0.0048, wastani wa blanki 0.0050, na mtawanyiko wa blanki, ile standadi divieshen ambayo nitaiita s, ni 0.00163. Angalia kwamba 0.0048 na 0.0050 zinakaribiana sana. Zikiwa mbali usiendelee, nitasema kwa nini kule chini.

Mteremko nao uhakiki kwa kichwa. Rangi ya chuma na fenanthrolini ina uwezo wa kumeza mwanga wa karibu 11,100 kwa kila moli kwa lita kwa sentimita, ukigawanya kwa uzito wa chuma 55.85 na kubadilisha gramu kuwa miligramu unapata 0.199. Sisi tumepata 0.1986, safi. Ungepata 0.15 basi stoku yako ina kasoro au rangi haijakomaa, na hakuna hesabu ya LOD itakayokuokoa.

F6 ni kikomo cha kuamua: t ya upande mmoja kwa blanki kumi ni 1.833, mara 0.00163, mara mzizi wa 1.1, jumla 0.0031 za absorbansi juu ya wastani wa blanki. Yaani mstari wako wa kuamua uko kwenye 0.0081. Kwa kiwango ni 0.016 mg/L. Ule mzizi wa 1.1 upo kwa sababu unatoa wastani wa blanki kutoka kwenye sampuli, na wastani huo wenyewe una kosa lake dogo. F7 ni kikomo cha kugundua: 0.032 mg/L.

Ukitumia njia ya mkato ya 3.3 mara s gawanya kwa mteremko unapata 0.027. Siyo mbali, lakini ni ndogo kidogo kuliko unavyostahili kudai kwa blanki kumi tu.

6. Usiamini hiyo namba mpaka umeijaribu. Watu wanaruka hatua hii na ndiyo ya maana kuliko zote. Chukua mikrolita 160 za stoku ya 10 mg/L weka kwenye chupa ya mL 50, hiyo ni 0.032 mg/L, sawasawa na LOD uliyodai. Fanya chupa saba. Zetu zilisoma:

0.012, 0.010, 0.013, 0.009, 0.011, 0.014, 0.011

Zote zimevuka 0.0081, LOD imesimama. Moja ikishindwa siyo ajabu. Zikishindwa tatu kwenye saba, LOD yako ni ya kwenye karatasi tu, ipandishe urudie jaribio. Na kama unapima maji machafu au udongo ulioyeyushwa kwa asidi, jaribio hili lifanye ndani ya maji hayohayo yasiyo na chuma kingi, siyo kwenye maji safi, manake chumvi na tope vina kelele zake.

7. Sasa jibu la sampuli na wigo wake wa uhakika. Endelea kwenye spredishiti ileile:

```
F8   =AVERAGE(G2:G4)
F9   =(F8-F2)/F1
F10  =F3/F1*SQRT(1/3+1/6+(F8-AVERAGE(B2:B7))^2/(F1^2*DEVSQ(A2:A7)))
F11  =T.INV.2T(0.05,4)*F10
```

F8 ni 0.253, F9 ni 1.25 mg/L, F10 ni 0.0087, F11 ni 0.024. Kwa hiyo unaandika 1.25 ± 0.02 mg/L, uhakika wa 95%, chupa tatu.

Hiyo F10 inatisha ila ina mambo matatu tu ndani ya mzizi. Ile 1/3 ni marudio ya sampuli yako matatu. Ile 1/6 ni stendadi sita ulizochora mstari kwa hizo. Kipande cha mwisho kinasema uko mbali kiasi gani na katikati ya mstari, na kwetu ni 0.02 tu kwa sababu 1.25 iko karibu na katikati, ambayo ni 1.75. Na F3 iliyo mbele ni jinsi stendadi zinavyoyumba kuzunguka mstari, 0.0024. Ile t ya 2.776 ni ya nyuzi huru 4, stendadi sita toa mbili kwa sababu mstari umekula mbili, mteremko na pale unapokata.

Sasa cheza nayo kidogo uone. Ungepima sampuli chupa moja tu, 1/3 inakuwa 1 na wigo unakuwa ± 0.037. Chupa tatu, ± 0.024. Chupa kumi, ± 0.018. Umeona? Kutoka moja kwenda tatu umepata faida kubwa, kutoka tatu kwenda kumi umetumia chupa saba zaidi kwa faida kiduchu, kwa sababu ile 1/6 ya stendadi haipungui hata urudie sampuli mara mia. Ukitaka wigo mwembamba kuliko hapo ongeza stendadi.

Kabla ya kuandika jibu fanya ukaguzi mmoja. Mtawanyiko wa chupa tatu za sampuli wenyewe ni 0.0026, na wa stendadi ni 0.0024, ni ndugu hawa, kwa hiyo fomula inakubalika. Fomula inachukulia kwamba sampuli inayumba kama stendadi zinavyoyumba. Sampuli zako zikiyumba mara tatu au nne zaidi, tope au nini, fomula itakupa wigo mwembamba wa kujifurahisha, na hapo tumia mtawanyiko wa sampuli yenyewe na t yake. Ila ujue t ya marudio matatu ni 4.303, kali kweli. Kwa mfano wetu njia hiyo ingetoa ± 0.033 kabla hata hujahesabu kosa la mstari.

8. Zidisha kila kitu kwa ulivyopunguza. Kama ulichukua mL 25 za maji ukajaza mpaka 50, basi 1.25 ni ya ndani ya chupa, maji yenyewe yana 2.50, wigo ni ± 0.05, na LOD ya maji yenyewe ni 0.064 siyo 0.032. Jibu huwa watu wanakumbuka kulizidisha. LOD wanaisahau.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kosa namba moja nimeshalitaja, kusoma kyuveti moja mara kumi. Mimi nilipoanza ndo nilifanya hivyo. Nikajaza kyuveti, nikabonyeza kusoma mara kumi, nikapata 0.005 mara nane na 0.004 mara mbili. s ikatoka 0.0004, LOD ikatoka 0.008 mg/L, nikaona mashine yetu balaa. Wiki iliyofuata nikapima blanki za kawaida, ikasoma 0.007, na kwa mstari wangu wa kuamua wa wakati ule blanki hiyo ilikuwa "ina chuma". Nilizunguka siku mbili natafuta uchafu ambao haukuwepo. Nilichokuwa nimepima ni utulivu wa taa na kigunduzi cha mashine, wakati kelele nyingi za njia hii zinatoka kwenye chupa, pipeti na vitendanishi. Mara nne ya tofauti, kutoka 0.008 hadi 0.032, na mashine ni ileile.

Kosa la pili ni kuamini R². Mstari wetu una R² ya 0.99995, inapendeza, weka fremu. Haisemi chochote kuhusu blanki, inabebwa na zile stendadi kubwa za juu.

Kosa la tatu ni kubishana desimali za LOD. Hiyo s ya blanki kumi yenyewe ni makadirio. Kwa uhakika wa 95% s ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 0.69 na 1.83 ya uliyopata, kwa hiyo LOD yetu ya 0.032 kiukweli inaweza kuwa kati ya 0.022 na 0.058. Kwa hiyo mtu anayeniandikia LOD = 0.03162 mg/L namrudishia karatasi, andika 0.03 inatosha. Na kwa blanki tatu tu? s ya kweli inaweza kuwa zaidi ya mara sita ya uliyopata. Blanki tatu hazikupi LOD, zinakupa namba ya bahati nasibu. Saba ndo chini kabisa ninayoikubali.

Hapohapo kuna kitu kinaitwa MDL, njia ya EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, ambayo msingi wake ni sampuli saba zenye kiwango kidogo ulichoongeza wewe, mtawanyiko wake mara 3.143, na tangu marekebisho ya 2017 wanadai na blanki pia zihesabiwe. Nzuri na inatumika sana, ila ukiangalia vizuri ile ni aina ya kikomo cha kuamua chenye uhakika wa 99%. Usiilinganishe na LOD ya mwenzako ukasema ya kwako ni bora, mnapima vitu viwili.

Ukikwama

*Blanki zote zimesoma 0.005, s ni sifuri.* Siyo kwamba LOD yako ni sifuri. Mashine inaonyesha desimali tatu na mtawanyiko umejificha chini ya desimali ya mwisho. Washa desimali nne kama ipo, au tumia kyuveti ndefu ya sentimita 5, au tengeneza stendadi ndogo kabisa karibu na LOD unayoitegemea upime mtawanyiko wake huo. Kwetu tarakimu moja ya mwisho, 0.001, ni sawa na 0.005 mg/L, kwa hiyo LOD chini ya hapo kwa mashine hii usiidai hata kidogo.

*Blanki moja imeruka, 0.021 na nyingine zote ziko chini ya 0.009.* Tukibadilisha ile ya mwisho kwenye orodha yetu ikawa 0.021, s inapanda mpaka 0.0053 na LOD inatoka 0.03 inakwenda 0.10. Unatamani kuifuta, najua. Tafuta sababu kwanza: chupa haikuoshwa kwa asidi? Kyuveti ilitoka kwenye stendadi ya 4? Ukipata sababu uliyoiandika kwenye daftari, futa na utengeneze nyingine. Usipopata sababu iache, kwa sababu chupa ya sampuli nayo inaweza kuruka hivyohivyo na hutajua.

*Blanki zinapanda taratibu, ya kwanza 0.003 ya mwisho 0.009.* Zichore kwa mpangilio uliosomwa, ndiyo maana nilisema andika mpangilio. Kama ni ngazi inayopanda, mashine haijapata joto au rangi bado inaendelea kukua. Huo siyo mtawanyiko, ni kuhama, na s iliyopatikana hapo haina maana. Subiri, ziro tena kwa maji kila baada ya visomo vichache, rudia.

*Wastani wa blanki na pale mstari unapokata haviendani.* Tuseme blanki 0.005 na mstari unakata 0.020. Karibu kila mara mstari wako umepinda juu, stendadi kubwa imeinama na kuuvuta mstari. Chora mabaki, yaani absorbansi uliyosoma toa ile ya mstari, ukiona yanafanya upinde toa stendadi ya juu kabisa uhesabu upya. Na usilazimishe mstari upite kwenye sifuri, blanki zako zimeshakwambia hazisomi sifuri.

*Sampuli imetoka ndogo, wigo unashuka chini ya sifuri.* Hii inawachanganya sana kwa hiyo twende polepole. Tuseme chupa moja ya sampuli imesoma 0.010. Imevuka 0.0081, kwa hiyo chuma kipo. Kwenye fomula ya hatua ya 7 unapata 0.026 ± 0.040 mg/L, ambayo inasema labda hakipo kabisa. Nani mkweli? Blanki ndizo zinasema kweli hapa. Ile F3 ya 0.0024 imepandishwa na stendadi za 2, 3 na 4, ambazo zinayumba zaidi kuliko blanki, na pia 0.010 iko mbali kabisa na katikati ya mstari kwa hiyo kile kipande cha tatu kimeruka kutoka 0.02 mpaka 0.25. Hata LOD ukiihesabu kwa F3 badala ya s ya blanki, 3.3 mara F3 gawanya kwa mteremko, inatoka 0.040. Dawa ni kuchora mstari mwingine mdogo wa sampuli za chini, tuseme 0, 0.05, 0.1, 0.2, 0.3 na 0.4 mg/L, kisha uhesabu wigo kwa mstari huo. Usipokuwa na muda huo, ripoti "kimegundulika, chini ya 0.08 mg/L". Hiyo 0.08 ni mara kumi ya s gawanya kwa mteremko, kiwango ambacho kuanzia hapo unaanza kutaja namba kwa kujiamini.

*Sampuli imesoma chini ya mstari wa kuamua.* Usiandike 0. Andika "haijagundulika, LOD 0.03 mg/L", na kwenye daftari lako tunza ile absorbansi halisi hata kama ni hasi ukishatoa blanki, maana atakayekuja kutafuta wastani wa sampuli hamsini za namna hiyo anaihitaji namba yenyewe, na sifuri zako zitampotosha.